Muhtasari wa Utumishi: Kutoka Bohari ya Kombania hadi Usimamizi wa Ghala la Kiraia

Mimi ni askari mstaafu wa jeshi la nchi kavu. Niliandikishwa mwaka 2003 na kustaafu kwa heshima mwaka 2024 nikiwa na cheo cha sajinitaji, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliitumia katika utunzaji wa bohari na uratibu wa magari ya mizigo. Naomba nafasi ya msimamizi wa ghala na usafirishaji katika kampuni yenu ya usambazaji wa vifaa vya ujenzi. Kwa kuwa vyeti vyangu vimeandikwa kwa lugha ya kambini, ambayo mtu asiyepita jeshini hawezi kulaumiwa kwa kutoielewa, naeleza hapa kila cheo na kila jukumu kwa jinsi yanavyolingana na kazi za kiraia.

Vyeo nilivyopitia

Nilipokuwa koplo niliongoza seksheni, yaani kikundi cha watu tisa. Katika kazi za kawaida huyo ni nyapara au kiongozi wa zamu: anafanya kazi pamoja na watu wake, anagawa majukumu ya siku, na ndiye wa kwanza kuulizwa kazi ikilala. Nilipopanda kuwa sajenti nilikuwa msaidizi wa kamanda wa platuni yenye watu 32. Kamanda huyo kwa kawaida ni luteni kijana aliyetoka chuoni karibuni, ilhali sajenti wake ana miaka mingi ya kazi, hivyo sajenti hulazimika kumshauri mkubwa wake bila kumvunjia heshima mbele ya askari na kisha kuutekeleza uamuzi wake hata kama yeye angeamua vingine. Nalitaja hili kwa sababu waajiri wengi hudhani kwamba jeshini mtu hupokea amri na kunyamaza. Ukweli ni kwamba sajenti asiyesema kuwa mpango una kasoro kabla haujaanza anahesabiwa kuwa hajafanya kazi yake.

Sajinitaji yuko juu ya sajenti na chini ya maafisa wateule, na si afisa wa kamisheni. Kiraia ningemweka katika nafasi ya msimamizi wa ngazi ya kati, anayepokea mpango kutoka kwa meneja na kuubadilisha kuwa kazi ya siku: nani afanye nini, kwa kifaa gani, saa ngapi, na nani athibitishe kwamba imekwisha. Kwa cheo hicho nilikuwa mkuu wa bohari ya kombania yenye watu 120, nikiwajibika moja kwa moja kwa kamanda wa kombania, ambaye kiraia tungemwita meneja wa idara. Chini yangu walikuwepo watunza bohari 6 na madereva 16.

Kazi ya bohari

Bohari ya kombania ni stoo. Ndani yake huwa na sare, mahema, magodoro, vyombo vya jikoni, vipuri, zana za ujenzi na chakula kikavu, na kila kimoja kina ukurasa wake katika leja. Kazi yangu ilikuwa kupokea mzigo, kuuhesabu mbele ya aliyeuleta, kulinganisha hesabu na hati ya usafirishaji, kuupanga, kuutoa kwa hati iliyosainiwa, na kutoa taarifa ya salio kila mwisho wa mwezi. Vyakula na dawa za usafi nilivipanga kwa tarehe ya kuharibika, kile kinachokaribia kuisha muda kikitoka kwanza hata kama kiliingia baadaye.

Nilipokabidhiwa bohari hiyo, leja ilionyesha blanketi 340, na rafuni nilihesabu 312. Mtangulizi wangu alikuwa na haraka ya kuondoka kwenda kituo kipya na aliniomba nisaini ili tofauti hiyo tuimalize baadaye. Sikusaini. Nilimwomba kamanda atupe siku mbili zaidi, tukapitia pamoja mafaili ya hati za kutolea vifaa, na katikati ya kitabu cha zamani tukakuta karatasi za mkono za blanketi 26 zilizoazimwa na kombania jirani wakati wa mafunzo, ambazo hazikuwahi kuingizwa kwenye leja. Blanketi 2 hazikuonekana, zikaripotiwa na kufutwa kwa utaratibu wa bodi. Tangu hapo niliweka sheria kwamba hakuna kifaa kinachotoka kwa neno la mdomo wala kwa karatasi ya mkono, awe anayekichukua ni koplo au ni kamanda mwenyewe, na kamanda aliikubali sheria hiyo akiwa wa kwanza kuisainia.

Nilisimamia pia ghala la risasi. Siwezi kueleza idadi wala mahali, na naomba nisiulizwe hayo katika usaili, lakini utaratibu wake unafaa kujulikana kwa sababu ndio uliojenga tabia yangu ya kazi. Kila kasha la risasi lina namba ya fungu inayoonyesha lilitengenezwa pamoja na makasha gani. Ikigundulika kasoro katika risasi moja, fungu lote huzuiwa mara moja popote lilipo, na mtunza ghala anapaswa kusema papo hapo lililobaki liko rafu ipi na lililotoka alikabidhiwa nani. Kwa kampuni inayouza saruji, rangi au gundi, kazi ni hiyo hiyo pale kiwanda kinapotoa taarifa kwamba toleo fulani lirudishwe. Halikadhalika, viwashio havihifadhiwi pamoja na vilipuzi, kwa hiyo nimezoea kujiuliza, kabla ya kupanga mzigo, ni vitu gani visivyopaswa kukaribiana. Nafahamu mgawanyo wa kimataifa wa bidhaa hatari katika madaraja 9, ambamo vilipuzi ni daraja la 1 na vimiminika vinavyowaka, vikiwemo vingi vya kuyeyushia rangi, ni daraja la 3.

Mafuta na magari

Nilisimamia magari 14, mengi yakiwa malori, pamoja na matangi ya dizeli. Mafuta ndiyo mali inayopotea kwa urahisi kuliko zote, kwa wizi na hata bila wizi, kwa sababu hupanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na anayepima mchana leo na alfajiri kesho atapata hesabu mbili tofauti bila mtu yeyote kugusa tangi. Kwa hiyo tulipima kwa fimbo saa ile ile kila alfajiri, tulikagua maji chini ya tangi, maana maji ni mazito kuliko dizeli na hujikusanya chini, na tulilinganisha lita zilizotoka na kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha kila gari. Gari lililoanza kula mafuta kuliko kawaida yake lilipelekwa kwa fundi kwanza, na dereva akahojiwa baadaye. Mara nyingi lilikuwa tatizo la gari kweli, na madereva walioona kwamba hawashukiwi kabla ya uchunguzi walianza kuripoti hitilafu wenyewe.

Maneno “kamanda wa msafara” yaliyomo katika taarifa zangu yanamaanisha kwamba nilipanga safari za malori kadhaa kwa pamoja: njia, muda wa kuondoka, vituo vya kupumzika, umbali kati ya gari na gari, uzito wa kila mzigo na namna ya kuufunga, na nini kifanyike gari moja likiharibika njiani. Kila asubuhi dereva alikagua matairi, breki, taa, maji na mafuta ya injini na kusaini kabla ya kupewa ufunguo. Mimi mwenyewe nina leseni ya kuendesha malori na bado ni hai, ingawa siombi kazi ya udereva.

Kuongoza watu

“Kudumisha nidhamu na ari ya askari” ni sentensi inayorudi katika kila tathmini yangu ya mwaka, na haimwambii mwajiri kitu. Kwa vitendo ilikuwa kupanga zamu na likizo, kufundisha wapya, kuandika tathmini, kusikiliza mtu mwenye tatizo la nyumbani kabla halijawa utoro, na kuchukua hatua pale kosa lilipotendeka. Natambua kwamba katika kampuni mfanyakazi haamrishwi kama askari, na kwamba hatua za kinidhamu hufuata mkataba na sheria ya kazi: onyo la maandishi, nafasi ya kujieleza, kisha uamuzi. Utaratibu wa kumpa mtu nafasi ya kujieleza kwangu si mgeni, kwani hata kambini shtaka lililoandikwa vibaya lilirudishwa.

Zaidi ya hapo, niliendesha mafunzo ya ndani ya huduma ya kwanza na kuzima moto kwa watunza bohari wote, na nilikuwa mjumbe wa timu ya kuhesabu mali katika vikosi vingine.

Nisichokuwa nacho bado

Sijawahi kufanya kazi mahali panapotafuta faida. Sijauza, sijajadili bei na msambazaji, na sijashughulikia kodi ya bidhaa. Jeshini bei ya kitu ilikuwa kazi ya ofisi nyingine. Leja zangu za miaka ya mwanzo zilikuwa za mkono. Kuanzia mwaka 2015 nilitumia lahajedwali za kompyuta kwa hesabu za mali na mafuta, nazimudu vizuri, lakini programu maalumu ya usimamizi wa ghala mnayoitaja katika tangazo nitahitaji kufundishwa. Naomba mafunzo hayo yafanyike ndani ya kipindi cha majaribio, ili mnipime nikiwa naitumia.

Naeleza pia kwamba siombi nafasi ya ulinzi, ambayo mara nyingi mstaafu wa jeshi hupewa kabla hajafungua mdomo. Ni kazi ya heshima, ila ujuzi wangu uko kwenye mali iliyo ndani ya geti.

Viambatisho na wadhamini

Nimeambatanisha cheti cha kustaafu kwa heshima, cheti cha kozi ya usimamizi wa bohari, cheti cha huduma ya kwanza, nakala ya leseni ya udereva, na tathmini za miaka 3 ya mwisho, ambazo nimezipigia mstari mahali panapohusu kazi hii. Wadhamini wangu ni aliyekuwa kamanda wangu wa kombania, anayeweza kuzungumzia hesabu za bohari, na fundi mkuu wa karakana ya kiraia iliyokuwa ikitengeneza magari yetu kwa mkataba, ambaye alinifahamu kama mteja wake. Wote wawili wamekubali kupigiwa simu, na namba zao ziko katika barua ya maombi. Niko tayari kuanza kazi wiki 2 baada ya kuarifiwa, na kama itawafaa, niko tayari pia kuja kuhesabu rafu moja ya ghala lenu siku ya usaili na kuwaandikia taarifa yake.