Naomba siku tano mama

Shikamoo mama, pole na majukumu. Najua mkataba unaisha tarehe 30 na vitu nshaanza kufunga, ila jana nimepita kule Kinyerezi ninakohamia nikakuta fundi ndo kwanza anapanga vigae, choo hata sinki halijafungwa, wanasema mpaka tarehe 4. Sasa naomba unisogezee siku tano tu, tarehe 5 jioni natoka. Kodi si laki tatu kwa mwezi, yaani elfu kumi kwa siku, basi hiyo elfu hamsini ukikubali tu nakurushia kwenye simu leo leo. Mpangaji mpya akitaka kuja kuangalia aje, funguo namwachia dada wa dukani. Nijibu mama, maana kirikuu nilishaongea naye aje tarehe 30, nimwahirishe.