Maombi ya nafasi ya Afisa Uvuvi wa Mradi, Kigoma: shahada bado inaendelea, somo moja limebaki

Kwa: Meneja wa Rasilimali Watu
Tarehe: Jumatano, 13 Agosti 2025
Viambatanisho: wasifu, cheti cha stashahada, hati ya matokeo ya mihula mitano, barua ya chuo ya tarehe 11 Agosti, hati ya kiapo ya jina

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba nafasi ya Afisa Uvuvi wa Mradi mliyoitangaza tarehe 4 Agosti, ya kufanya kazi na akina mama wakaushaji wa dagaa katika mialo ya Kibirizi na Katonga. Tangazo linataka shahada ya kwanza ya uvuvi au fani inayofanana nayo, pamoja na nakala ya cheti. Shahada hiyo leo sina. Nina stashahada ya uvuvi ambayo cheti chake ninacho mkononi, na shahada iliyobakiza somo moja. Nimeona niliseme hili mwanzo kabisa, msije mkalikuta ukurasa wa tatu wa wasifu mkadhani nililificha.

Hali ilivyo ni hii. Nilianza shahada ya sayansi za viumbe maji na uvuvi mwaka wa masomo 2022/23, na mwezi Julai mwaka huu nimemaliza muhula wa sita, ambao ndio wa mwisho. Masomo yote nimefaulu isipokuwa tathmini ya akiba ya samaki, somo lenye hesabu nyingi kuliko mengine yote. Mtihani wake sikufikia alama ya kufaulu. Sikuwa mgonjwa wala sikufiwa. Nilitumia muda mwingi mno kumalizia ripoti ya utafiti wangu nikaliachia somo hilo siku nne tu. Utafiti wenyewe umeshasahihishwa na kupita. Mtihani wa marudio, yaani sapu, ni wiki inayoanza Jumatatu tarehe 8 Septemba. Matokeo yanapitishwa na seneti mwezi Oktoba, kisha napewa hati kamili ya matokeo, na cheti chenyewe hutolewa baada ya mahafali, mwishoni mwa Novemba au Desemba.

Kwa hiyo mkiniita usaili mwezi Septemba, nitakuja na cheti cha stashahada na barua ya chuo, basi. Barua hiyo imesainiwa na ofisi ya msajili na inasema ninachosema mimi: mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, utafiti umekamilika, somo moja la kurudia. Jina la chuo na namba yangu ya usajili vipo juu ya wasifu. Naridhia mwasiliane na chuo moja kwa moja kuhakiki, bila kunisubiri mimi.

Kuna jambo dogo kwenye fomu yenu ya mtandaoni ambalo huenda likawachanganya. Sehemu ya kiwango cha elimu inatoa nafasi ya kuchagua kiwango kimoja tu kilichokamilika, hakuna palipoandikwa "inaendelea". Nilichagua stashahada. Lakini kwenye wasifu mtaona mstari wa shahada umeandikwa "2022 hadi sasa, haijakamilika". Vyote viwili ni sahihi, na mfumo ukinichuja kwa sababu ya lile chaguo, nitaelewa. Ndiyo maana nimeandika barua hii kando ya fomu.

Nina sababu ya kuwa mwangalifu kiasi hiki. Stashahada yangu niliisoma FETA, kampasi ya Nyegezi, nikamaliza mwaka 2020. Cheti kikiwa bado hakijatoka niliomba kazi katika ofisi moja, nikaandika kwenye wasifu "Stashahada ya Uvuvi, 2020", bila neno lingine. Niliitwa. Usaili ulikwenda vizuri hadi mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni, kimya muda wote, akasema, "Haya binti, tuone cheti halisi." Nikatoa karatasi ya matokeo ya muda. Aliisoma pande zote mbili, upande wa nyuma ukiwa mtupu, akairudisha kwenye bahasha yangu kwa mikono yake mwenyewe na kunishukuru kwa kufika. Hakunigombeza. Sikuwa nimedanganya kwa maana ya kughushi, lakini nilikuwa nimewaacha waamini kitu ambacho hakikuwepo, na pale mezani nililiona hilo waziwazi. Cheti kilitoka baadaye, ndicho nilichoambatanisha.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, ambayo ndiyo iliyonifanya niombe bila kungoja mahafali.

Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho ulikuwa Katonga, na ulihusu jambo mnalotaka kulifanyia kazi: dagaa wanaoanikwa mchangani na wanaoanikwa kwenye chanja. Nilifika mwaloni mwaka jana mwezi Agosti, Ziwa Tanganyika lilipokuwa linafunguliwa baada ya kufungwa kwa uvuvi tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Nilikuwa nimepanga kuanza kupima siku ileile. Akina mama walinicheka. Mwezi ulikuwa unaelekea kujaa, ulijaa tarehe 19, na kila mtu wa mwaloni anajua kwamba mbalamwezi ikiwa kali taa za vipe hazivuti dagaa. Nikakaa hadi giza liliporudi ndipo nikapata cha kupima. Ratiba niliyokuwa nimeichapa chuoni kwa tarehe za kalenda niliitupa, nikaandika nyingine kwa kufuata mwezi. Nawaambia hili kwa sababu tangazo lenu linasema afisa atatembelea vikundi "kila Jumanne na Alhamisi". Nikipata kazi, nitaomba tulizungumze.

Tulikuwa tunapima dagaa wabichi asubuhi kwa mizani ya kuning'iniza, tunaandika uzito, tunagawa fungu moja mchangani na jingine kwenye chanja ya miti na nyavu chakavu, halafu tunapima tena wakikauka. Mchangani kuna tatizo ambalo mizani ilinificha kwa wiki nzima. Mafungu ya mchangani yalikuwa yanatoka mazito kuliko nilivyotegemea. Mama mmoja alichukua ungo, akapepeta kilo zangu mbele yangu, ukabaki mchanga wa kujaa kiganja. "Huo ndio uzito wako," akasema. Ilibidi nipepete kila fungu upya kabla ya kupima. Wachuuzi wanaonunua kwa ajili ya kusafirisha nje ya Kigoma wanalijua hilo siku nyingi: wanaingiza mkono hadi chini ya gunia, wanatoa, wanakung'uta, ndipo wanataja bei. Kwa mama anayeanika mchangani, bei inashuka hapohapo, hata kama dagaa wake walitoka mtumbwi mmoja na wa jirani yake mwenye chanja.

Na bado wengi hawahami kwenda kwenye chanja. Nilikwenda nikiamini ni suala la elimu, sivyo. Mchanga ni bure na haujai. Chanja inakula miti, inakula misumari, na usiku ukiwa wa neema dagaa wanazidi nafasi. Mvua zikianza Oktoba, mwenye chanja anaweza kufunika kwa turubai, wa mchangani anakusanya mbio au anapoteza. Ningependa mradi uanze na hesabu hiyo ya nafasi na miti kabla ya semina yoyote. Hayo ni maoni yangu, na naweza kuyatetea usailini kwa daftari la vipimo.

Kabla ya chuo kikuu nilijitolea miaka miwili, 2020 hadi 2022, nikisaidia ofisi ya uvuvi kuandika takwimu za mapokezi ya samaki Kibirizi alfajiri. Nimezaliwa Ujiji. Naongea Kiswahili na Kiha, na Kifaransa cha sokoni cha kuelewana na wafanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa. Mengine yapo kwenye wasifu.

Kazi inaanza tarehe 1 Oktoba, na kufikia siku hiyo matokeo ya sapu yatakuwa hayajatoka. Nina maombi mawili, mchague linalowafaa. La kwanza, mnifikirie kwa nafasi hii kwa masharti: mkataba useme wazi kwamba nitaleta hati kamili ya matokeo ifikapo tarehe 30 Novemba, na kwamba hadi hapo nitalipwa kwa ngazi ya stashahada. La pili, kama taratibu zenu haziruhusu kabisa mtu asiye na shahada, basi mnifikirie kwa nafasi ya Msaidizi wa Uwandani iliyopo kwenye tangazo hilohilo, ambayo inataka stashahada. Kwa nafasi hiyo nimekidhi vigezo leo, bila masharti.

Nikishindwa sapu, nitalazimika kulirudia somo hilo mwaka wa masomo 2025/26, na shahada itasogea kwa mwaka mzima. Nitawajulisha siku nitakayoona matokeo, hata kama nimeshaanza kazi, ili muamue. Najiandaa, nasoma kila usiku na mwenzangu aliyelifaulu somo hilo, na safari hii si siku nne. Lakini sitaandika "nitafaulu" kwenye barua ya maombi.

Ratiba yangu: kuanzia Ijumaa tarehe 5 hadi Jumapili tarehe 14 Septemba sitakuwepo Kigoma, nitakuwa safarini na kwenye mtihani. Bahati nzuri mwezi unajaa tarehe 7, kwa hiyo mialo nayo itakuwa imelala siku hizo na hakuna atakayenitafuta huko. Usaili ukiangukia hapo katikati, naomba uwe kwa simu, au usogezwe hadi tarehe 15 na kuendelea. Kabla ya tarehe 5 naweza kufika ofisini kwenu siku yoyote, mkinijulisha hata jioni ya kuamkia siku hiyo.

La mwisho ni jina. Cheti changu cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa vinasoma Zuhura. Cheti cha kidato cha nne kinasoma Zuhra, bila "u" ya pili, na stashahada ikafuata kosa hilohilo. Hati ya kiapo niliyoambatanisha inathibitisha kuwa ni mtu mmoja. Chuo kikuu wamenisajili kwa jina la kitambulisho, kwa hiyo cheti cha shahada kitakapotoka kitakuwa na "u" zote mbili.

Wadhamini watatu nimewataja kwenye wasifu. Wa kwanza ndiye aliyesimamia utafiti wangu, na anajua kuhusu somo lililobaki. Muulizeni bila wasiwasi. Namba yangu ya simu ipo juu ya wasifu, na inapatikana pia kwa ujumbe mfupi pale mtandao unaposumbua.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Zuhura
Ujiji, Kigoma