Miaka 10, lakini si ya sura yangu

Jana niliweka picha zangu mbili kama kila mtu, ya 2009 na ya 2019. Nimezifuta. Naingia upya kwenye #10YearChallenge, safari hii na picha za mahali.

Ya kwanza, 2009: ukingo wa mto Pangani, karibu na unapoingia baharini. Matope na visiki vitupu, mikoko ilikatwa kwa boriti na kuni. Huyo aliyeinama ni marehemu bibi yangu, khanga kaifunga kiunoni, mkononi ana mche wa mkoko mrefu kama mwiko. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado mtini, kwa hiyo huhitaji kitalu: unasubiri maji yatoke, unauchomeka kwenye matope, ncha chini, basi. Tulichomeka asubuhi nzima. Mingi ilisombwa, mingine ililiwa na kaa. Bamvua lililofuata, bibi alirudi na kikapu kingine.

Ya pili, Jumapili iliyopita: nimesimama palepale. Mizizi imenizunguka, matawi yamenipita kichwa, na chini, kwenye maji ya kifundoni, uduvi wanarukaruka. Natamani angeona.

Haya, zamu yenu. Wekeni picha mbili za mahali mnapopapenda: kisima, mwembe wa shuleni, ufuko. Hata kama pameharibika, wekeni vilevile. Binamu zangu wa Tanga mjini, naanza na ninyi. Ile picha ya babu chini ya mbuyu iko kwa nani?