Hotuba ya Katibu wa Kamati ya Mazingira katika Mkutano Mkuu wa Kijiji kuhusu Hifadhi ya Mikoko

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, vijana na wavuvi wenzangu, assalaam aleikum.

Nimepewa nafasi ya kuzungumzia mikoko ya mkondo wetu, hasa ile ya upande wa bandarini ambayo tangu kiangazi kilichopita inakatwa kwa ajili ya kuni za kupikia na za kukaushia samaki. Sheria inajulikana: mikoko yote ya pwani ya Tanzania ni msitu wa hifadhi, na kuikata bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu ni kosa. Sitakaa sana hapo, kwa sababu mtu asiye na kuni jioni hazuiwi na sheria peke yake.

Niseme kwanza habari ya samaki. Kamba tunaowauza kwa matajiri wanaotoka Dar es Salaam huzaliwa baharini, lakini wakiwa wadogo mno huingizwa na maji kujaa hadi kwenye mikondo, wakakaa miezi kadhaa katika matope na mizizi ya mikoko kabla ya kurudi kilindini wakiwa wamekomaa. Anayetaka kuhakikisha asimame kando ya mkondo maji yanapoanza kujaa, atazame kati ya magoti ya mkoko: ataona vikamba vyeupe vinavyopenya mwanga, vimkizi vinavyokwenda kwa makundi, na wakati mwingine kichewa cha ukubwa wa kidole kilichojibanza palipo na giza. Samaki wakubwa hawawezi kuwafuata humo, na majani yanayoanguka na kuoza huwalisha wadudu ambao nao ni chakula cha hao wadogo. Kaa wakubwa wa matopeni wanaochimbuliwa na vijana wetu pia huishi humo humo. Kwa hiyo anayepakia kuni za mkandaa kwenye mtumbwi leo anapunguza kamba katika wavu wa msimu ujao, na mara nyingi wavu huo ni wa mumewe au wa kaka yake.

La pili ni dhoruba. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 hakuna aliyekisahau, kwa maana mvua ilikata barabara ya kusini na wilaya yetu ya Kilwa ikapata hasara kubwa. Nisiwadanganye kwamba mikoko huzuia kimbunga. Haizuii upepo kuezua mabati, wala haizuii mafuriko yanayotoka bara. Kazi yake ni kuvunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika nchi kavu na kuyashika matope yasibebwe, na kadiri ukanda wa miti unavyokuwa mpana na mnene ndivyo wimbi linavyochoka mapema. Ukanda uliotobolewa hapa na pale hupitisha maji palepale penye pengo, na mwambao huanza kumeguka kuanzia hapo.

Sasa kuni. Akina mama wanasema, na wana haki, kwamba mkandaa na mkoko huwaka kwa moto mkali unaodumu, na kwamba gesi ni ghali kwa nyumba nyingi. Kamati haitaki kuwaambia wasipike. Tunapendekeza kwanza majiko banifu ya udongo, ambayo hutumia kuni chache kuliko mafiga matatu, na udongo wa kuyajengea tunao wenyewe. Makumbi na vifuu vinavyotupwa nyuma ya nyumba vinafaa kwa kukaushia samaki, na matawi yanayopunguzwa kwenye mikorosho yakianikwa vizuri yanatosheleza mapishi ya siku nyingi. Kwa muda mrefu zaidi tupande mvinje mipakani mwa mashamba, kwani hukua upesi, hustahimili mchanga na upepo wa chumvi, na kuni zake ni nzuri. Wenzetu wa Gazi, kusini mwa Mombasa, wanaolinda mikoko yao kwa mradi wa Mikoko Pamoja na kupata fedha za hewa ya ukaa zinazosaidia maji na elimu, nao walipanda mvinje ili watu wapate miti mingine ya kukata. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo la busara kuliko yote waliyoyafanya.

Mvinje itachukua miaka kadhaa kufaa, kwa hiyo majiko yasisubiri. Kamati inaomba mkutano huu ukubali kwamba ukanda wa kando ya bandari usiguswe kabisa, miche ya asili iachwe iote yenyewe, na vijana wanne wa kila kitongoji wapokezane doria. Fundi wa majiko atakuwa ofisi ya kijiji Jumamosi saa tatu asubuhi. Kila kaya ije na ndoo mbili za udongo wa kichuguu, na wanaotaka miche ya mvinje waandikishe majina yao kwa Mtendaji leo kabla ya kuondoka.