Jibu: Ombi namba 4187, uhamisho wa domeni yenu bado unasubiri

Lubumbashi, Alhamisi tarehe 12 Machi 2026

Kwa Bwana Ilunga,

Tumepokea barua pepe yenu ya jana usiku, ambamo mnauliza kwa nini domeni, yaani jina la mtandaoni la duka lenu la vipuri, ingali kwa msajili wenu wa zamani, kampuni iliyoliandikisha, ilhali mlikwisha kutulipa tangu Jumatatu. Ombi lenu halijapotea wala halijakataliwa. Linasubiri, na kwa sasa jibu linalongojewa ni la msajili wa zamani, si letu wala si lenu.

Kuhusu siku mbili za mwanzo, kosa lilikuwa la kwetu na tunaomba radhi. Mlipotuma ombi Jumatatu tarehe 9, domeni ilikuwa bado na kufuli ya msajili wa zamani, ile inayosomeka `clientTransferProhibited`, na kufuli hiyo ikiwapo hakuna uhamisho unaoweza kuanza. Fomu yetu ilipaswa kuwaambia hivyo papo hapo, lakini ilipokea malipo na kunyamaza. Mliifungua kufuli Jumanne, baada ya mwenzangu kuwapigia simu, na jana Jumatano alasiri msimbo wa uhamisho mliotupatia ulikubaliwa. Tangu hapo hali ya domeni ni `pendingTransfer`, yaani uhamisho unasubiri.

Kwa kanuni za ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandaoni, zinazoongoza majina ya .com, msajili wa zamani ana siku 5 za kalenda za kukubali au kukataa, Jumamosi na Jumapili zikiwa ndani ya hesabu. Akinyamaza hadi siku hizo ziishe, yaani Jumatatu tarehe 16 alasiri, domeni itahamia kwetu yenyewe. Anaweza kukataa kwa sababu chache tu, kama vile shaka ya udanganyifu, ubishi juu ya nani mwenye jina, au deni la kipindi ambacho tayari mmekitumia. Kwa hiyo, ikiwa kuna deni lolote la zamani juu ya domeni hiyo, heri mlimalize leo kuliko kungoja litumiwe kuwa sababu ya kuwarudisha nyuma.

Yeye pia anapaswa kuwatumia ujumbe wa uthibitisho kwenye anwani ya barua pepe iliyoandikwa kwa jina la mwenye domeni. Wasajili wengine huweka humo kiungo cha kukubali mara moja, na mkikibonyeza huenda msilazimike kungoja siku zote 5. Mmetuandikia kwamba anwani hiyo ilikuwa ya mfanyakazi aliyekwisha kuondoka dukani. Tafadhali msiibadilishe sasa, hata kama inawakera, kwa sababu mabadiliko ya anwani ya mwenye domeni yanaweza kuleta kufuli ya siku 60. Ikiwa mfanyakazi huyo bado anapokea simu yenu, mwombeni aufungue ujumbe. Ikiwa sivyo, ngojeni tu Jumatatu. Na mtu yeyote akiwaomba msimbo wa uhamisho kwa WhatsApp akisema ametoka kwetu, msimpe, kwa maana tayari tunao.

Hofu yenu kwamba jina litaisha tarehe 2 Aprili kabla halijafika kwetu tunaielewa, lakini muda unatosha. Malipo mliyotoa yana mwaka mmoja ndani yake, nao unaongezwa juu ya muda uliobaki, hivyo uhamisho ukikamilika tarehe ya mwisho itakuwa 2 Aprili 2027. Hamna haja ya kulipa tena kwa msajili wa zamani ili kuongeza muda.

Jambo moja tunawasihi sana: msivunje bado mkataba wa kuhifadhi tovuti huko mlikotoka. Kinachohamia wiki hii ni jina peke yake. Kurasa za duka na masanduku ya barua pepe yamebaki kwenye kompyuta zao, na jina litaendelea kuelekeza huko hadi sisi na nyinyi tutakapobadilisha maelekezo kwa pamoja. Tumekwisha kuona wateja waliofunga kila kitu siku moja wakipoteza barua za miaka, na hakuna aliyeweza kuzirudisha.

Mimi mwenyewe nitaangalia hali ya domeni Jumatatu jioni, na Jumanne tarehe 17 kabla ya adhuhuri nitawaandikia, liwe jibu zuri au baya. Ikiwa msajili atakataa, nitawatumia sababu aliyoitoa na hatua ya kuchukua, na ombi la pili halitawagharimu chochote. Ikiwa domeni imefika, tutapanga siku ya kunakili kurasa na barua zenu, afadhali Jumapili wakati duka limefungwa. Kabla ya hapo, mkipata ujumbe wowote wa kukataliwa, jibuni barua hii bila kubadilisha namba 4187 iliyo juu, nami nitauona.

Kwa heshima,

Neema
Huduma kwa Wateja, Lubumbashi