Barua kwa Rehema: thibitisha msongamano kabla ya kutafuta uwezekano

Mpendwa Rehema,

Nimeyapokea majibu yako ya zoezi la tatu na nimeyasoma yote. Intigrali zako ni safi, na sikukuta mahali ulipokosea alama au kusahau mipaka. Hata hivyo nimekukata maksi katika maswali matatu ya mwanzo, na kwa kuwa makosa yote matatu yanatoka kwenye shina moja, nimeona heri nikuandikie kuliko kujaza pambizo za karatasi yako kwa wino mwekundu. Shina hilo ni kwamba unaingia kwenye uwezekano kabla ya kuthibitisha kuwa fanksheni uliyopewa inastahili kuitwa msongamano wa uwezekano.

Tuanze na swali la kwanza, kwa kuwa ndilo lenye mtego mkubwa. Ulipewa f(x) = c(4x − x²) kwa x kati ya 0 na 5, na sifuri kwingineko, kisha ukaulizwa kama ipo c inayoifanya f kuwa msongamano na, iwapo ipo, utafute P(1 ≤ X ≤ 3). Wewe ulitafuta intigrali kutoka 0 hadi 5 ukapata 25c/3, ukailinganisha na 1, ukapata c = 3/25, ukaendelea hadi jibu la 22/25, yaani 0.88. Jibu hilo halina dalili yoyote ya ubovu: ni chanya, halizidi 1, na linaonekana la busara kabisa. Ndiyo maana swali hili ni la hatari, maana aliyelitunga amechagua kwa makusudi sehemu ya grafu ambayo haitakushtua.

Sasa chukua c hiyohiyo utafute P(X ≤ 4). Utapata 3/25 × (32 − 64/3), ambayo ni 32/25, yaani 1.28. Tafuta na P(4 < X ≤ 5), nayo itakuwa −0.28. Jumla ya mawili haya ni 1 kama ulivyotaka, lakini ni jumla ya daftari la hesabu ambalo ziada ya upande mmoja imefunika deni la upande wa pili. Hakuna tukio lenye uwezekano wa 1.28, wala hakuna lenye uwezekano ulio chini ya sifuri. Kwa hiyo hata ile 0.88 haina maana, kwa sababu imetoka kwenye chombo kilekile.

Masharti ni mawili, na yote mawili ni ya lazima. La kwanza ni kwamba f(x) isiwe hasi popote. La pili ni kwamba intigrali yake juu ya mstari wote wa namba iwe 1 kamili. Si masharti ya mtahini; yanatokana moja kwa moja na misingi ya uwezekano ambayo Andrei Kolmogorov aliiandika mwaka 1933, inayodai kwamba uwezekano wa tukio lolote usiwe hasi na uwezekano wa matukio yote kwa jumla uwe 1. Wewe ulitumia sharti la pili peke yake. Kwa bahati mbaya, kutafuta c hakuwezi kukuonya kuhusu sharti la kwanza, kwa sababu intigrali hujumlisha eneo la juu ya mhimili na kutoa la chini yake bila kukuambia.

Kulipima sharti la kwanza si kazi ndefu. Andika 4x − x² kama x(4 − x), nawe utaona papo hapo kwamba ni chanya kati ya 0 na 4, na hasi baada ya 4. Kwa c chanya, sehemu ya kutoka 4 hadi 5 ni hasi. Ukiifanya c kuwa hasi, sehemu ya kutoka 0 hadi 4 ndiyo inayoharibika. Na c ikiwa sifuri, intigrali haiwezi kuwa 1. Jibu sahihi basi ni kwamba c haipo, na swali linaishia hapo. Kama mipaka ingekuwa 0 hadi 4, c ingekuwa 3/32 na P(1 ≤ X ≤ 3) ingekuwa 22/32, yaani 0.6875, mbali kabisa na 0.88 yako. Usiridhike pia na kupima ncha mbili tu: x² − 4x + 3 ni 3 pale x = 0 na ni 3 pale x = 4, lakini ni hasi kila mahali kati ya 1 na 3.

Katika swali la pili ulikwenda upande wa pili. Uliikataa f(x) = 2x kati ya 0 na 1 kwa hoja kwamba f(1) = 2, na uwezekano hauwezi kuzidi 1. Hoja yako ni kweli kwa uwezekano, ila f(1) si uwezekano. Kwa kigeu nasibu endelevu, uwezekano wa X kuwa 1 hasa ni sifuri. Thamani ya f ni kimo cha grafu, na uwezekano ni eneo lililo chini yake. Fanksheni hiyo si hasi popote na eneo lake lote ni 1, kwa hiyo ni halali, na P(X ≤ 1/2) ni 1/4. Hata 1/(2√x) kati ya 0 na 1, ambayo hupanda bila kikomo x inapokaribia sifuri, ni msongamano halali, kwa kuwa eneo lake ni 1. Sharti la tatu la kwamba f isizidi 1 umelitunga mwenyewe, naomba ulifute.

Swali la tatu nitalipitia upesi. Kwa f(x) = c/x kuanzia 1 na kuendelea pasipo ukomo, uliandika kwamba c ni ndogo sana. Intigrali kutoka 1 hadi b ni c ln b, nayo haitulii popote: ln ya 1000 ni kama 6.9, ya milioni moja ni kama 13.8, na huendelea kukua polepole bila kufika mwisho. Udogo wa c hausaidii. Linganisha na c/x² kwa mipaka hiyohiyo, ambapo c ni 1 na P(X > 4) ni 1/4.

Kabla ya kipindi chetu cha Alhamisi, rudia swali la kwanza kwa maneno yako, kisha ufanye haya mawili: f(x) = c(x − 2)² kati ya 0 na 3, na f(x) = c(1 − x) kati ya 0 na 2. Katika kila moja, andika uamuzi wako kuhusu alama ya f kwanza, kwa sentensi kamili, ndipo uguse intigrali. Ukiona kwamba msongamano haupo, eleza sababu na usitafute uwezekano wowote.

Wako katika masomo,
Mwalimu Idrisa