Taarifa ya Ufuatiliaji wa Malaria, Wiki ya 20 (12 hadi 18 Mei 2025)

Kwa: Mratibu wa Malaria wa Wilaya, Bagamoyo
Kupitia: Mganga Mfawidhi wa Kituo

Wiki hii wagonjwa 412 walihudhuria idara ya wagonjwa wa nje. Kati yao, 168 walioshukiwa kuwa na malaria walipimwa, 154 kwa kipimo cha haraka na 14 kwa darubini. Waliothibitika ni 47, sawa na asilimia 28.0 ya waliopimwa. Katika wiki ya 19 walithibitika 32 kati ya 145, yaani asilimia 22.1, hivyo ongezeko hili halitokani na wingi wa vipimo peke yake.

| Umri | Waliopimwa | Waliothibitika | Asilimia |
|---|---|---|---|
| Chini ya miaka 5 | 52 | 11 | 21.2 |
| Miaka 5 hadi 14 | 49 | 21 | 42.9 |
| Miaka 15 na zaidi | 67 | 15 | 22.4 |
| Jumla | 168 | 47 | 28.0 |

Naomba kundi la katikati litazamwe kwa makini. Tungeunganisha wote wenye miaka 5 na zaidi, tungepata 36 kati ya 116, asilimia 31.0, na hali ya watoto wa umri wa shule isingeonekana. Ndiyo maana nimerudi kwenye rejesta na kuwahesabu peke yao. Kati ya hao 21, 12 wanatoka Mlingotini.

Karatasi za kujumlishia za chumba cha daktari zilionyesha wagonjwa 51, ilhali rejesta ya maabara ina 47. Nilipolinganisha jina kwa jina niligundua kuwa watatu walirudi kwa ajili ya uangalizi wakahesabiwa tena kama wagonjwa wapya, na mmoja aliandikiwa malaria kwa dalili bila kupimwa. Wote wanne nimewaondoa, na wahudumu wa zamu wameelekezwa kuandika marudio katika safu yake. Vipimo vya wajawazito wa hudhurio la kwanza havimo humu, kwa kuwa hao hupimwa hata wasipokuwa na homa, na kuwachanganya na wenye homa kungepotosha asilimia.

Wagonjwa 46 walipewa dawa mseto. Mmoja, mtoto wa miaka 7 aliyekuwa na degedege, alichomwa sindano ya artesunati na kupewa rufaa siku hiyo hiyo. Hakuna kifo kilichotokea kituoni.

Vipimo vya haraka vilivyotumika ni 157, kwa sababu 3 havikutoa majibu na vikarudiwa. Vilivyobaki leo asubuhi ni 110, ambavyo kwa kasi hii havitafika siku 5. Tunaomba vipimo vya nyongeza kabla ya Ijumaa, pamoja na wahudumu wa afya ngazi ya jamii watakaopita kaya za Mlingotini kuwatafuta wenye homa ambao hawajafika kituoni.

Imeandaliwa na Msimamizi wa Takwimu wa Kituo, 19 Mei 2025.